Stata ikizunguka kivivu asubuhi, usikimbilie betri

"Asubuhi ya baridi trekta inazunguka kivivu. Si ninunue tu betri yenye ampea nyingi zaidi?"

Pima kwanza. Ni kweli baridi huifanya oili kuwa nzito na kuipunguzia betri nguvu, lakini mara nyingi umeme hupotelea njiani. Vuta stopu injini isiwake, kisha mwenzako apige stata huku wewe ukisoma mita. Tuseme kwenye vichwa vya betri unapata volti 10.4, na kwenye stata 8.3. Volti 2.1 zimepotea. Sasa gusisha mita kwenye kichwa cha hasi na bodi ya stata: ikisoma 1.6, tatizo kubwa ni upande wa ethi. Pale panapopita ampea 400, kutu yenye omu 0.004 tu inatosha kula volti hizo, na betri mpya ingeikuta kutu ileile. Fungua boliti ya ethi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza, upime tena. Isizidi takriban 0.3. Ikibaki juu, huenda waya ni mwembamba au umeoza ndani.

Betri ishukiwe pale vichwa vyake vyenyewe vinaposhuka chini ya volti 9 ilhali imejaa chaji.