Nusu ya Nishati Huishia Wapi Kapasita Inapochajiwa?

Tuchukue kapasita ya mikrofaradi 1,000 isiyo na chaji, tuiunganishe kwa mfuatano na rezista ya omu 100, kisha tufunge swichi ili chanzo cha umeme cha volti 12 zisizobadilika kianze kuichaji. Baada ya nusu sekunde hivi, mita iliyowekwa kwenye ncha za kapasita itasoma karibu volti 12, na mkondo utakuwa umekaribia kukoma. Chaji iliyopita ni kulombi 0.012. Kwa kuwa chanzo kiliisukuma yote kwa volti 12, kimetoa jouli 0.144. Lakini nishati iliyomo ndani ya kapasita, yaani ½CV², ni jouli 0.072 tu. Jouli 0.072 zilizobaki zimegeuka joto ndani ya rezista.

Sababu yake inaonekana tukifuatilia chaji kidogo kidogo inavyosafiri. Chembe ya kwanza ya chaji hutoka kwenye chanzo kwa volti 12, lakini huikuta kapasita ikiwa tupu, yenye volti 0, kwa hiyo tofauti yote ya volti 12 huiangukia rezista na kuwa joto. Kapasita inapofika volti 3, chaji inayoingia huacha volti 9 kwenye rezista. Inapofika volti 9, huacha 3. Chanzo hakijali kapasita imefika wapi, kwani hulipia kila kulombi kwa volti 12 zilezile, ilhali volteji ya kapasita hupanda kwa uwiano sawa na chaji iliyokwisha kuingia, kutoka 0 hadi 12. Wastani wa volteji iliyopokelewa ni 6, na wastani wa iliyopotea ni 6. Hapo ndipo nusu inapotokea.

Katika maelezo hayo ukinzani haukutajwa kabisa, na kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kuzingatia kuliko yote, kwa sababu wengi hudhani kwamba rezista ndogo itapunguza hasara. Tukiweka omu 10 badala ya 100, mkondo wa mwanzo hupanda kutoka ampea 0.12 hadi 1.2, na joto huanza kuzalishwa kwa wati 14.4 badala ya 1.44. Hata hivyo, kapasita hujaa kwa kasi mara kumi zaidi, hivyo joto hilo kali hudumu kwa sehemu moja ya kumi ya muda. Jumla hubaki jouli 0.072. Hata tukiondoa rezista, nyaya, swichi na kapasita yenyewe bado vina ukinzani wao mdogo, na pengine cheche itaruka kwenye swichi. Kama ukinzani ni mdogo mno, usumaku wa nyaya huufanya mkondo uyumbe kwenda na kurudi kabla ya kutulia, na sehemu ya nishati yaweza kutoka kama mawimbi ya redio. Lakini kapasita ikishatulia kwenye volti 12, hesabu ya kilichopotea haibadiliki.

Kinachoweza kubadilishwa ni chanzo. Tukiichaji kapasita kwanza kwa volti 6 na kuiacha itulie, kisha tukahamia volti 12, hatua ya kwanza itachukua jouli 0.036 na ya pili jouli 0.072, jumla 0.108. Ndani ya kapasita bado mna 0.072, na hasara imeshuka hadi 0.036. Hatua nne zilizo sawa zingeipunguza hadi robo ya ile ya mwanzo. Ndiyo maana kanuni ya nusu inahusu kapasita inayoanza ikiwa tupu: iliyokuwa na volti 10 na kupandishwa hadi 12 hupoteza jouli 0.002 tu kati ya 0.024 zilizotolewa.

Kwa mkono, jouli 0.072 hazisikiki. Zinasikika pale tendo linaporudiwa. Kapasita yetu ikichajiwa na kumwagwa kupitia omu 10 mara kumi kwa sekunde, kila mzunguko huiachia rezista jouli 0.144, nusu wakati wa kuchaji na nusu wakati wa kumwaga, yaani wati 1.44 kwa wastani. Rezista ya robo wati iliyofungwa hapo itababuka rangi na kuungua. Fundi akiibadilisha kwa rezista ya robo wati ya omu 5, akitumaini kwamba ukinzani mdogo utaleta joto dogo, itaungua vilevile. Tiba ni rezista ya wati 3 au zaidi inayohimili mipigo ya mkondo, au kupunguza idadi ya mizunguko kwa sekunde.