Kufundishana kwa zamu: kadi ni nne, lakini msomaji ni mmoja

Walimu wengi huifahamu mbinu hii ya kuwasaidia wanafunzi kuelewa wanachosoma wakiwa katika kundi kwa kadi zake nne za kazi: mtabiri, muulizaji, mfafanuzi na mfupishaji. Matatizo mengi huanzia kwenye kadi hizohizo, kwa sababu ya dhana nne potofu.

Dhana: Kila mwanafunzi ana kazi yake.
Watafiti Annemarie Palincsar na Ann Brown walipochapisha utafiti wao wa mbinu hii Marekani mwaka 1984, kazi hazikugawanywa hivyo. Mwanafunzi mmoja alishika nafasi ya mwalimu kwa kipande kimoja cha matini: akauliza, akafupisha, akafafanua palipotatiza, akatabiri kinachofuata. Kisha zamu ikahamia kwa mwenzake. Kadi zinafaa kuanzia, mradi zizunguke kila baada ya aya. Mtoto anayebaki mtabiri muhula mzima hajajifunza kufupisha.

Dhana: Kufafanua ni kutafuta maana ya maneno magumu.
Hapa ndipo naona hasara kubwa zaidi. Wape watoto wanne aya hii:

"Mbu hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama. Mayai huanguliwa viluwiluwi, ambao huja juu ya maji kupumua. Mafuta yakimwagwa juu ya maji hayo, hufa."

Neno gumu labda ni "yaliyotuama". Likishaelezwa, mfafanuzi husema, "Tumeelewa yote." Mwalimu aulize: ni nini hufa? Kitenzi hakisemi. Mmoja atajibu mbu, mwingine mayai. Sasa wairudie sentensi ya pili: wanaokuja juu kupumua ni viluwiluwi, na mafuta huwazibia hewa. Kule kurudi nyuma ndiko kufafanua kwenyewe.

Kazi nyingine hunufaika papo hapo. Swali la "Mbu hutaga wapi?" linajibika kwa kunakili. Muulizaji aliyeelewa atauliza, "Kwa nini mafuta yawaue viluwiluwi?" Mfupishaji naye atasema, "Mafuta huua viluwiluwi kwa kuwanyima hewa." Akiisoma tu sentensi ya kwanza, jua kundi halijaelewa, lirudi kwenye aya kabla ya kusonga mbele. Na utabiri lazima uhakikiwe aya inayofuata ikishasomwa, la sivyo ni bahati nasibu.

Dhana: Ukishagawa kadi, mwalimu anapumzika.
Mwanzoni mwalimu ndiye anayeongoza, akifikiri kwa sauti ili watoto wasikie jinsi anavyokwama na kujikwamua. Mtoto akishindwa kuuliza, humwanzishia: "Anza na 'kwa nini'." Msaada hupungua kadiri watoto wanavyomudu. Katika utafiti ule mazoezi yalichukua takriban siku 20, kila kipindi kama nusu saa. Wiki moja haitoshi.

Dhana: Ni dawa ya asiyejua kusoma.
Walengwa wa 1984 walikuwa wanafunzi wa darasa la saba waliosoma maneno vizuri ila hawakuelewa walichosoma. Anayehangaika na silabi anahitaji kufundishwa silabi. Wakati huo huo anaweza kukaa kwenye kundi, mwalimu akisoma aya kwa sauti, naye akauliza na kufupisha kama wenzake.