Siku ya Mama si Machi, na simu yako haikudanganyi

Kila mwaka Kwaresima ikifika katikati, sisi tunaochapa kalenda na kadi hapa Kigoma hujiandaa kwa swali lile lile. Mteja anaingia na simu mkononi: ndugu yake aliyeko Uingereza ameposti picha ya mama na shada la maua, naye anataka kadi mia kwa ajili ya Jumapili hii hii. Ukimwambia Siku ya Mama ni Mei, bado miezi miwili, anakuona umezembea. Wengine huenda mbali zaidi: "Kalenda yenu imekosewa, tarehe ya kweli ni ya Machi."

Haijakosewa. Hizo ni sikukuu mbili zenye asili mbili, zimekutana kwenye jina tu.

Ya Uingereza ni ya kanisa, tena ya zamani sana. Ni Jumapili ya nne ya Kwaresima. Katika mpangilio wa zamani wa masomo, siku hiyo husomwa Wagalatia sura ya 4, pale Paulo anaposema Yerusalemu wa juu ndiye mama yetu. Waumini walikuwa wakirudi kusali kwenye kanisa mama, na vijana waliokuwa watumishi wa majumbani wakapewa ruhusa ya kwenda kwao, njiani wakimchumia mama maua. Desturi ilikuwa imefifia mpaka Mwingereza Constance Penswick Smith alipoanza kuifufua, baada ya kusoma mwaka 1913 habari za Siku ya Mama ya Wamarekani, ile ya Mei. Hakuiga tarehe yao. Alishikilia ile ya kanisa. Kwa hiyo Siku ya Mama ya Uingereza inaifuata Pasaka, na Pasaka huhama.

Kuipata ni rahisi: shika Jumapili ya Pasaka, rudi nyuma Jumapili tatu. Mwaka 2026 Pasaka ni 5 Aprili. Rudi moja, 29 Machi, ambayo ni Matawi. Rudi ya pili, 22 Machi. Ya tatu, 15 Machi, ndiyo yenyewe. Mwaka 2027 Pasaka ni 28 Machi, kwa hiyo kwao itaangukia 7 Machi. Mkatoliki hahitaji hata kuhesabu: ni ile Dominika ya Kwaresima ambayo padri anaweza kuvaa waridi badala ya zambarau.

Ya Mei, ambayo ndiyo tunayoiadhimisha huku, chanzo chake ni msiba. Mwanzilishi wake ni Mmarekani Anna Jarvis; mama yake, aliyekuwa mwalimu wa shule ya Jumapili huko Grafton, West Virginia, alifariki 9 Mei 1905, siku ya Jumanne. Binti alitaka kumbukumbu ifanyike kanisani, hivyo ikabidi iwe Jumapili iliyo karibu na tarehe hiyo. Ibada ya kwanza ilifanyika Grafton 10 Mei 1908. Mwaka 1914 Rais Wilson akaitangaza kwa nchi nzima: Jumapili ya pili ya Mei. Pasaka haihusiki hapo hata kidogo.

Sasa, hata wanaojua ni Mei hukosea, kwa sababu husema "wiki ya pili". Chukua kalenda inayoanzia Jumapili. Mwaka 2026 Mei Mosi ni Ijumaa, hivyo mstari wa kwanza una Ijumaa na Jumamosi tu. Mtu anateremka mstari wa pili, anakuta Jumapili tarehe 3, anaagiza keki. Hiyo ni Jumapili ya kwanza! Ya pili ni tarehe 10. Hesabu Jumapili zenyewe, achana na mistari. Na jibu lako likitoka nje ya tarehe 8 hadi 14, umekosea, rudia. Ushauri wangu kwa wanaochapisha kadi za kuuza: msiweke tarehe, andikeni "Jumapili ya pili ya Mei", zilizobaki mtaziuza mwakani.

Wa Ujiji wenye jamaa Oman nao huuliza kuhusu 21 Machi. Hiyo ni ya nchi za Kiarabu. Ilianzia Misri mwaka 1956 kwa kampeni ya mwandishi wa habari Mustafa Amin, na ikawekwa siku ya kwanza ya majira ya kuchipua. Haihami.

Tarehe 8 Machi ni Siku ya Wanawake Duniani. Kuna nchi zinazowapa mama zao maua siku hiyo, lakini kwetu ni mambo mawili tofauti.

Na wanaosema Umoja wa Mataifa ndio uliopanga tarehe moja kwa dunia nzima, wawaulize Wathailand kwa nini kwao ni 12 Agosti. Ni siku aliyozaliwa Malkia Sirikit.

Kuhusu simu: kalenda yake huonyesha sikukuu za nchi iliyochaguliwa kwenye mipangilio. Ikiwa imewekwa Uingereza, itakukumbusha Machi. Badilisha nchi kwanza, halafu uje tuzungumze idadi ya kadi.