Jedwali la nafasi za kazi ni nini hasa

Jedwali la nafasi za kazi ni tangazo lile lile refu la kurasa sita, ila umelipasua ukabakiza vitu vitatu tu: wanataka nani, mwisho lini, na unatumaje. Kukopi maneno ya tangazo ukayabandika kwenye eksel sio jedwali, hapo umehamisha mzigo tu toka bega la kulia kwenda la kushoto.

Kitu cha kwanza, mstari mmoja ni nafasi moja. Halmashauri inaweza kutoa tangazo moja lenye Dereva Daraja la II, Mtendaji wa Kijiji na Mwandishi Mwendesha Ofisi humohumo, hiyo ni mistari mitatu maana sifa zao zinatofautiana. Halafu majukumu ya kazi ruka, yale ya "kufanya usafi wa gari" na "kujaza taarifa za safari" utayasoma ukiitwa usaili.

Sasa tuchukue huyo dereva. Tangazo huwa linasema hivi, kwa kifupi: awe na cheti cha kidato cha nne na leseni daraja la E au C ambayo ameifanyia kazi kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, awe amehudhuria mafunzo ya msingi ya uendeshaji yanayotolewa na VETA au NIT au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Ukisoma mbio unaona "leseni, form foo, nimo". Lakini kazi yote iko kwenye maneno madogo: "awe", "na", "ambayo" na "au". Kila "awe", "na" au "ambayo" inaleta sharti jipya ambalo ukilikosa umetoka, kila "au" ni mlango wa pili wa sharti lile lile. Kwahiyo dereva ana masharti manne: cheti cha form foo, leseni ya E au C, mwaka mmoja bila ajali, cheti cha mafunzo. Wengi leseni zetu zina D tu ya gari ndogo, hiyo haihesabiki hapo hata kama umeendesha miaka kumi.

Mstari wake unatoka hivi:

| Nafasi | Lazima | Ninacho? | Njia | Mwisho |
|---|---|---|---|---|
| Dereva II | form foo. E au C. Mwaka 1 bila ajali. Cheti VETA/NIT/kingine | leseni D tu: SINA | Ajira Portal | 14 Aprili |

Ile safu ya "Ninacho?" haipo kwenye tangazo, unaiongeza mwenyewe, na ndio inayokuambia usipoteze bando.

Usisahau masharti ya jumla yanayokaa chini kabisa ya tangazo, raia wa Tanzania, mara nyingi umri usizidi miaka 45, na kwamba risalti slipu hazikubaliki, wanataka cheti chenyewe. Haya yanajirudia, usiyaandike kila mstari, yaweke juu ya jedwali mara moja.

Kwenye tarehe ndio watu wanaumia. Tangazo lingine halitaji siku, linasema "ndani ya siku 14 tangu tarehe ya tangazo hili". Tuseme limesainiwa 1 Aprili, wewe umelipata kwenye grupu la wasap tarehe 6, ukaanza kuhesabu toka siku uliyolipata ukafika 20. Umechelewa! Hesabu toka tarehe iliyo juu ya barua, na hiyo ya kwanza ihesabu pia ili uwe upande salama, inaangukia 14. Tena kwenye eksel andika mwaka kwanza, 2025-04-14, kwasababu ukiandika 04/05 kuna kompyuta itasoma 4 Mei na nyingine 5 Aprili na hutojua imekudanganya. Kama tarehe iko safu ya E mstari wa 2, siku zilizobaki unazipata na hii:

```
=E2-TODAY()
```

Ikitoa namba yenye alama ya kutoa, dirisha limefungwa. Ikikataa kabisa ikaleta `#VALUE!` ujue tarehe yako imeingia kama maneno, ifute uiandike upya.

Safu ya njia nayo ina mtego wake. Tangazo linasema barua ielekezwe kwa Mkurugenzi Mtendaji, S.L.P. kadhaa, mtu anakimbilia posta na bahasha. Soma sentensi inayofuata, mara nyingi inasema maombi yote yatumwe kupitia portal.ajira.go.tz. Ile anwani ni ya kuandika juu ya barua tu, barua yenyewe unaisaini, unaiskani, unaipandisha mtandaoni. Kwenye jedwali andika pale inapofikia, sio inapoelekezwa. Na kama akaunti ya Ajira Portal huna, weka alama, kwasababu kuifungua kunataka namba ya NIDA, na kama namba bado haijatoka basi mwisho wako wewe sio tarehe 14, ni siku unayoanza kuifuatilia.