Msuluhishi akinyamaza, je, ameondoka?

"Msuluhishi asipotaja uhusiano wake na upande mmoja, si anaondolewa papo hapo?"

Hapana, japo wengi wanaamini hivyo. Tazama kesi ya Halliburton, kampuni ya huduma za mafuta, dhidi ya Chubb, kampuni yake ya bima, iliyotokana na mlipuko kwenye mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon. Mahakama ya London ilimteua mwenyekiti wa jopo la wasuluhishi mwaka 2015. Baadaye akakubali mashauri mengine mawili ya mlipuko huohuo, moja akiteuliwa na Chubb yenyewe, bila kuiambia Halliburton.

Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema alipaswa kusema. Hata hivyo hakuondolewa, kwa sababu swali la kumwondoa ni jingine: je, mtu wa kawaida mwenye busara, akijua mambo yote, angeona uwezekano halisi wa upendeleo? Wakati ule sheria ya wajibu huo haikuwa wazi. Tena, alipoulizwa, alijibu kwa utulivu na kueleza kwamba hakufikiria kulitaja. Angejibu kwa ukali, nadhani mambo yangekuwa mengine. Kunyamaza hupimwa kama ushahidi, na wakati mwingine ni ushahidi mzito.