Fomu za ridhaa na makataa ya Ijumaa: jinsi nilivyopanga usiku

Kazi ninayoifanya mara nyingi zaidi ni kufasiri nyaraka za utafiti wa afya kutoka Kiingereza, na sehemu kubwa yake huifanya usiku kwa sababu nina watoto wawili. Nitaeleza kazi moja tu, kwa kuwa wafasiri wanaoanza huniuliza jinsi nyaraka nyingi zinavyoweza kukamilika kwa makataa mafupi bila mfasiri kushusha ubora. Majina ya mteja, ya dawa na ya utafiti siwezi kuyataja, maana mkataba unaniwajibisha kuyatunza.

Jumatatu karibu na adhuhuri nililetewa faili nne: fomu ya ridhaa ya mtu mzima, fomu ya ridhaa ya mzazi au mlezi, fomu ya ukubali ya mtoto, na dodoso. Zilitakiwa Ijumaa saa 4 asubuhi ili ziambatishwe kwenye maombi ya kibali cha kamati ya maadili. Jumla ilikuwa maneno 11,600. Kabla ya kukubali niliziingiza faili zote katika programu ya kufasiria, nikaiacha ihesabu marudio. Sentensi zilizojirudia neno kwa neno zilikuwa na maneno 2,900, zilizofanana kwa sehemu kubwa 2,100, na yaliyobaki 6,600 yalikuwa mapya kabisa. Kiasi hicho cha mwisho ndicho kinachopaswa kumwongoza mfasiri. Kwa matini ya aina hii ninafasiri maneno mapya kama 450 kwa saa nikiwa na akili timamu. Saa nne kila usiku baada ya watoto kulala, pamoja na saa mbili za mchana mtoto mdogo anapojinyoosha, zilitosha kumaliza tafsiri Jumatano usiku. Alhamisi yote niliiacha kwa ukaguzi, na bila siku hiyo ningeikataa kazi.

Saa za usiku hazilingani kwa thamani. Kuanzia saa 3 hadi saa 5 usiku nilifasiri sehemu ngumu tu, yaani taratibu za utafiti, hatari zake, na fidia kwa atakayedhurika. Kuanzia saa 5 hadi saa 7 nilishughulikia dodoso na vipengele vifupi vya majibu, ambavyo havidai kushika hoja ndefu kichwani. Mtoto akiamka na kulia, ni rahisi kurudi kwenye swali la dodoso kuliko kurudi katikati ya aya inayoeleza nani atagharimia matibabu na kwa masharti gani. Kwa sababu hiyo hiyo sifungui sehemu ngumu mpya ikibaki nusu saa. Umeme ulikatika Jumanne, lakini programu ninayoitumia haihitaji mtandao na betri ya kompyuta ilikuwa imejaa, kwa hiyo kazi haikusimama.

Hatari kubwa kuliko zote ilikuwa katika yale maneno 2,100 yanayofanana, na hapa naomba msomaji awe na subira kidogo. Fomu ya mzazi imejengwa juu ya fomu ya mtu mzima. Mfasiri akifika kwenye sentensi inayohusu kuchukuliwa damu, programu humletea tafsiri aliyokwisha kuiandika, ikimwonyesha kwamba inafanana kwa zaidi ya asilimia 90. Sentensi ya awali inasema “utachukuliwa damu kwenye mkono”, ilhali hapa inatakiwa “mtoto wako atachukuliwa damu kwenye mkono”. Jicho lililochoka saa 6 usiku huona sentensi nzuri, sahihi kisarufi, na kuipitisha. Matokeo yake ni mzazi anayetia saini au kuweka alama ya kidole gumba akiamini kwamba damu ni yake.

Kosa hili halikamatwi na kikagua tahajia, kwa hiyo Alhamisi niliitafuta kila sentensi yenye neno linaloanza na “uta” katika fomu ya mzazi kwa kutumia mpangilio huu wa kutafutia maneno:

```
\b[Uu]ta(?!fiti|ratibu)\w+
```

Sehemu iliyo ndani ya mabano inaziacha nje “utafiti” na “utaratibu”, ambazo zimejaa katika kila ukurasa. Hata hivyo, matokeo hayawezi kubadilishwa yote kwa pamoja. “Utaulizwa maswali kuhusu chanjo za mtoto wako” ni sahihi, kwa kuwa anayeulizwa ni mzazi, na katika “utafiti huu utafanyika” kiambishi ni cha utafiti wenyewe. Nilizipitia moja baada ya nyingine, kisha nikarudia kwa vitenzi vya kukanusha vinavyoanza na “huta”. Zoezi hilo lilichukua muda mfupi kuliko nilivyotenga, na kwa maoni yangu hakuna ukaguzi mwingine unaolipa zaidi katika nyaraka za jozi kama hizi.

Ukaguzi wa pili ulikuwa wa namba. Programu ya ukaguzi hulinganisha tarakimu za pande zote mbili na kutoa onyo zikitofautiana. Kwetu huonya mno, kwa sababu dawa iliyoandikwa 08:00 kwa Kiingereza tunaiandika saa 2 asubuhi, na kila saa iliyotajwa huonekana kuwa kosa. Maonyo hayo ya bure yakiwa mengi, mfasiri huanza kuyafunga yote kwa mkupuo, na humo ndimo kipimo cha dawa kilichokosewa hujificha. Mimi huyatenga kwanza maonyo yote ya saa, nikayahakiki peke yake, ndipo nikayasoma yaliyobaki.

Jumatano usiku namba zilionyesha tatizo ambalo halikuwa la tafsiri. Fomu ya Kiingereza ya mzazi ilitaja mililita 10 za damu katika sehemu ya taratibu na mililita 5 katika sehemu ya hatari. Mfasiri haruhusiwi kuchagua namba anayoiona ina mantiki. Nilifasiri kila moja kama ilivyo, nikaandika hoja yenye kutaja ukurasa na aya, na kuituma usiku ule ule. Msimamizi wa mradi yuko Ulaya, na aliikuta asubuhi alipofungua ofisi.

Jambo moja haliwezekani usiku nyumbani kwangu, nalo ni kusoma kwa sauti. Fomu hizi husomewa mshiriki asiyejua kusoma mbele ya shahidi asiyehusika na utafiti, hivyo ni lazima zisikike vizuri masikioni. Nilizisoma Alhamisi asubuhi, mkubwa akiwa shuleni. Alasiri aliporudi nilimuuliza swali lisilotaja utafiti wowote: “Ukiambiwa unaweza kukataa hata kama wazazi wamekubali, utafanya nini?” Alijibu, “Nitakuuliza wewe kwanza, mama.” Katika fomu ya mtoto maelezo hayo yalikuwa yamebanwa kwenye sentensi moja ndefu. Nikaigawa mara mbili, ili haki ya kukataa isimame peke yake: “Unaweza kukataa. Hata kama mzazi wako amekubali, hakuna atakayekukasirikia.”

Jibu la msimamizi lilifika Alhamisi jioni: kiasi sahihi kwa mtoto ni mililita 5, na Kiingereza kitarekebishwa pia. Niliibadilisha namba, nikaendesha ukaguzi upya kwa faili zote nne, kisha nikalala kabla ya saa 6. Ijumaa saa 2 asubuhi, watoto wakishapata uji, nilituma tafsiri pamoja na orodha ya hoja na kumbukumbu ya tafsiri, yaani faili ya programu inayohifadhi kila sentensi ya Kiingereza pamoja na tafsiri yake. Hatua iliyofuata haikuwa yangu: mfasiri mwingine, asiyeiona fomu ya Kiingereza, alipewa Kiswahili changu akirudishe Kiingereza, na maandishi hayo mawili yakalinganishwa aya kwa aya.