Umepata kazi? Basi zima na LinkedIn Premium, kufuta apu hakutoshi

Huku dawati la kadi la benki Arusha tunapokea sana swali hili, mtu kaajiriwa, kafuta apu kwenye simu, halafu mwezi unaofuata hela imekatwa na anakuja amekasirika akidhani kadi imeibiwa. Haijaibiwa jamani. Ukifuta apu unaiondoa kwenye simu tu, yale makubaliano ya kulipa kila mwezi yanabaki palepale.

Tuseme dada wa Moshi kachukua ule mwezi wa bure wa Premium tarehe 3 Machi, akaweka kadi yake ya Visa, tarehe 20 akaitwa kazini hotelini. Mwezi wa bure ukiisha unageuka kuwa wa kulipia wenyewe, hakuna anayekupigia simu kukuuliza. Kwa hiyo akenseli mapema, tarehe 1 Aprili iwe imeshaisha hiyo shughuli, maana LinkedIn wenyewe wanataka angalau siku moja kabla ya tarehe ya kulipia, na mtandao wetu mnaujua.

Sasa watu wengi wanakwama hapa: unakenseli kule ulikonunulia. Angalia jina lililotokea kwenye meseji au stetimenti ya benki. Ukiona LINKEDIN, ingia kwenye akaunti yako kwa brauza, nenda Settings & Privacy, tafuta sehemu ya Subscriptions & payments, fungua usimamizi wa Premium, bonyeza Cancel subscription. Ukiona GOOGLE, ulinunua kupitia Play Store, gusa picha yako juu, Payments & subscriptions, halafu Subscriptions. Ukiona APPLE.COM/BILL basi ni aifoni, fungua Settings, gusa jina lako, Subscriptions. Watakuuliza sababu na pengine watakupa punguzo ili ubaki, wewe endelea kubonyeza mpaka mwisho, wengi wanaishia kwenye hiyo ofa wakidhani wamemaliza. Ukimaliza kweli utaona tarehe ya mwisho ya huduma, piga skrinishoti.

Profaili na watu uliounganishwa nao havipotei, unarudi tu akaunti ya kawaida. Kinachopotea ni InMail ambazo hujatumia, kwa hiyo kama kuna mtu ulitaka kumwandikia, mwandikie kwanza.

Wengine wanaotumia kadi ya mtandaoni ya simu wanaiacha bila salio, wanaona ndo wamemaliza. Mimi siipendi hiyo njia kabisa, kwa sababu malipo yanaweza kujaribiwa tena, na siku unaweka hela ya kununua kitu kingine inaondoka.

Kama imeshakatwa, kenseli kwanza ndo uombe kurudishiwa, na uombe kwa aliyekata: LinkedIn, Google, au kwa aifoni reportaproblem.apple.com. Sisi benki muamala ulioukubali mwenyewe hatuwezi kuuita wizi, ila ukikatwa baada ya kukenseli, njoo na ile skrinishoti tufungue malalamiko.